Muuguzi Anapoomba Kazi ya Ghala: Namna ya Kusoma Wasifu wa Anayebadili Fani

Kampuni ya kusambaza vyakula jijini Dar es Salaam inatafuta msimamizi wa ghala la baridi. Ghala lina chumba cha kuku na samaki waliogandishwa, chumba cha maziwa na mtindi, na watu tisa wanaofanya kazi kwa zamu. Maombi yamekuja mengi, na katikati yake umo wasifu wa mwanamke aliyefanya kazi miaka minane katika kituo cha afya mkoani Morogoro. Juu ya ukurasa pameandikwa "Muuguzi". Anayechuja anasoma hapo, anakumbuka kwamba tangazo lilitaka "uzoefu wa miaka mitatu katika shughuli za ghala", na karatasi inakwenda pembeni kabla hajafika mstari wa tatu.

Mfano huu nimeutunga ili tuwe na wasifu mmoja wa kuufuata hadi mwisho, lakini kazi zinazotajwa ndani yake ni kazi zinazofanyika kweli, katika vituo vya afya na katika maghala. Nimeuchagua kwa sababu uuguzi na ghala vinaonekana havina undugu wowote, na kwa sababu undugu wao upo mahali ambapo wachujaji wengi hawapatazami. Naandika hasa kwa anayechuja: afisa rasilimali watu, meneja wa tawi, au mfanyabiashara anayeajiri mwenyewe bila idara ya kumsaidia. Mwenye wasifu naye akisoma atajua ni nini kinachotafutwa kwenye karatasi yake.

Msingi wa kazi hii ni wa zamani. Mwaka 1901 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Edward Thorndike na Robert Woodworth, walichapisha majaribio yao kuhusu watu waliozoezwa kazi moja kisha wakapewa nyingine. Watu waliojizoeza kukadiria eneo la maumbo ya aina fulani hawakuonyesha umahiri uleule walipoletewa maumbo ya sura au ukubwa tofauti. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ujuzi huhama kwa kadiri kazi mbili zinavyokuwa na vipengele vilevile ndani yake. Kwa hiyo maneno kama "uongozi", "mawasiliano mazuri" na "kujituma" hayakusaidii kuchuja, hata yakiwa ya kweli, kwa sababu hayakuambii ni vipengele gani. Unachotafuta ni kitendo: mtu huyu alishika nini, alipima nini, aliandika wapi, na alifanya nini mambo yalipoharibika. Kisha unauliza kama kitendo hicho kipo pia katika kazi unayoajiri.

Anza na kazi, si na wasifu

Huwezi kukitambua kitendo ndani ya wasifu kama hujui vitendo vya kazi yako mwenyewe. Na maelezo ya kazi yaliyo kwenye tangazo mara nyingi hayavisemi. Yamenakiliwa kutoka tangazo la zamani, ambalo nalo lilinakiliwa kutoka kampuni nyingine, na yamejaa vishazi kama "kusimamia shughuli zote za ghala kwa ufanisi". Kabla ya kugusa rundo la maombi, kaa na msimamizi anayeondoka au na mtu aliye karibu na kazi hiyo, umwombe akusimulie siku moja tangu asubuhi.

Atakuambia hivi. Saa kumi na mbili asubuhi lori la kuku linafika. Kabla ya kusaini hati ya dereva, msimamizi anafungua mlango, anapima joto la mzigo kwa kipimajoto chake mwenyewe, na kama halijafikia nyuzi 18 chini ya sifuri anaanza mabishano. Mzigo ukikubaliwa, anaupanga ili unaokaribia kuisha muda utoke kwanza. Mara mbili au tatu kwa siku anaandika joto la vyumba. Jioni anahesabu baadhi ya bidhaa na kulinganisha na mfumo wa kompyuta, na pasipolingana anatafuta sababu. Katikati ya yote hayo kuna kijana wa zamu ambaye hakuja, kuna mteja anayelalamika, na mwisho wa mwezi kuna ripoti ya hasara kwa shilingi.

Hapo umepata kazi tano: kupokea na kulinda baridi, kuzungusha mzigo kwa muda wake, kuhesabu na kusuluhisha hesabu, kuongoza watu wa zamu, na kutoa ripoti ya fedha. Ziandike kwenye karatasi, moja kila mstari. Hii ndiyo karatasi utakayosomea wasifu wote, wa muuguzi na wa waliokaa maghalani.

Na ile miaka mitatu? Muulize meneja anaogopa nini kitatokea akimchukua mtu asiye nayo. Akijibu kwamba msimamizi aliyepita aliacha mtindi ukaisha muda nyuma ya chumba, basi anachotaka ni mtu mwenye mazoea ya kuzungusha mzigo, na hicho kinaweza kutafutwa moja kwa moja. Idadi ya miaka ni kipimo dhaifu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2019 Chad Van Iddekinge na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu uzoefu ambao watu huwa nao kabla ya kuajiriwa, wakakuta uhusiano wake na utendaji katika kazi mpya ni mdogo sana, karibu na sifuri. Mtu anaweza kukaa ghalani miaka kumi akisukuma toroli bila kuulizwa hata siku moja kwa nini hesabu haikulingana.

Maneno matano yaliyoficha nusu ya kazi

Sasa tufungue wasifu wa muuguzi wetu. Umeandikwa kama wasifu wengi wa watumishi wa afya: "Kutoa huduma za afya ya uzazi na mtoto. Msimamizi wa chanjo wa kituo. Kujaza vitabu vya MTUHA na kuandaa taarifa za mwezi. Huduma za mkoba vijijini. Kupanga ratiba ya wauguzi sita. Mjumbe wa timu ya 5S." Chini kabisa kuna sehemu ya ujuzi: mawasiliano mazuri, kufanya kazi kwa timu, kufanya kazi chini ya shinikizo. Sehemu hiyo ya chini iruke. Mstari wa kwanza nao una umuhimu kwake kuliko kwako. Simama kwenye "Msimamizi wa chanjo wa kituo".

Mtu asiye wa afya atadhani maana yake ni kuchoma sindano. Kumbe msimamizi wa chanjo ni mwenye jokofu. Chanjo za kituo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na yeye ndiye anayesoma kipimajoto asubuhi na jioni na kuandika kwenye chati, siku zote saba, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Umeme ukikatika, anajua jokofu lisifunguliwe ovyo, anajua wakati wa kuhamishia chanjo kwenye kisanduku baridi, na anajua nani wa kumpigia wilayani.

Anajua pia jambo ambalo wengi wanaoingia kwenye biashara ya baridi hawalijui: kwamba baridi kupita kiasi nayo huharibu. Chanjo ya Penta na ile ya pepopunda zikiganda zimekwisha, hata kama chupa inaonekana nzima. Ndiyo maana barafu za kwenye kibebea chanjo huachwa zianze kuyeyuka na kutoa jasho kabla ya kupangwa karibu na chupa. Katika chumba cha maziwa na mtindi kosa hilohilo linawezekana, pale katoni zinaposukumwa hadi mbele ya feni ya kipoza.

Endelea na kuzungusha mzigo. Kila mtunza stoo hufundishwa kwamba kinachoisha muda kwanza kitoke kwanza. Msimamizi wa chanjo anaifuata kanuni hiyo, lakini ana kitu cha ziada. Chupa nyingi za chanjo zina alama ya mraba ndani ya duara, na mraba huo hubadilika rangi polepole kadiri chupa inavyopata joto. Chupa ambayo alama yake imeanza kukolea, lakini haijafikia kiwango cha kutupwa, hutumika kabla ya nyingine, hata kama tarehe yake ya kuisha ni ya mbali zaidi. Yaani amezoea kuamua kwa hali ya bidhaa, na si kwa tarehe iliyochapishwa peke yake. Ghalani, shehena ya mtindi iliyosimama kwenye jua la upakiaji kwa muda mrefu ina tarehe ileile iliyo kwenye shehena nyingine, lakini haina maisha yaleyale. Msimamizi anayesoma tarehe tu hataona tofauti.

Na hesabu? Kila mwezi anahesabu dozi zilizobaki, analinganisha zilizotumika na watoto waliochanjwa kwa mujibu wa kitabu, anaeleza tofauti, kisha anaagiza za mwezi ujao. Ukiondoa neno "watoto" na kuweka "wateja", huo ni usuluhishi wa stoo. Mstari wa 5S nao una undugu wa damu: mbinu hiyo ilitoka viwandani Japani kabla ya kuingia hospitalini, na watumishi wa afya wa Tanzania walifundishwa kwa maneno yao, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Msimamizi wa ghala akiyasikia atayatambua mara moja.

Kwa hiyo kazi tatu kati ya tano zimekutwa ndani ya mistari ambayo mchujaji wa haraka hakuisoma. Lakini utajuaje haya yote kama wewe si mtu wa afya? Njia fupi ni kumpigia mtu wa fani hiyo, na kila ofisi ina mtu mwenye dada muuguzi, shemeji askari au mjomba mwalimu. Usimuulize kama mwombaji anafaa, maana hamjui. Muulize kuhusu cheo: mwenye cheo hiki akiingia kazini asubuhi anaanza na nini? Anasaini vitabu gani? Kitu kikipotea au kikiharibika, anayeulizwa ni nani? Swali la tatu ndilo lenye faida kuliko yote, kwa sababu linatenganisha aliyekuwa karibu na kazi na aliyebeba dhamana yake. Dakika kumi za simu hiyo zitakufaa kuliko kusoma wasifu uleule mara nne.

Pima umbali

Kukuta kitendo kilekile bado si ushahidi wa kutosha. Inabaki kupima umbali kati ya alikokifanyia na unakotaka akifanyie, na hapa ndipo wachujaji wenye moyo mwema huteleza upande wa pili. Wanafurahia ugunduzi wao, wanaona undugu kila mahali.

Umbali wa kwanza ni ukubwa. Jokofu moja lenye chupa mia kadhaa si chumba chenye tani za kuku. Kwenye jokofu mtu anahesabu kila kitu, ilhali ghalani hawezi, hivyo lazima achague vya kuhesabu leo na vya kesho. Hilo linafundishika, lakini lazima lifundishwe. Umbali wa pili ni chombo: alitumia kitabu na chati ya ukutani, nanyi mna mfumo wa kompyuta na kisoma msimbo. Huu ndio umbali unaoogopwa zaidi, na kwa maoni yangu ndio mfupi kuliko yote. Mtu aliyezoea kuandika hesabu ya kweli kwenye kitabu hujifunza mfumo kwa wiki chache, lakini mwenye ustadi wa mfumo na mazoea ya kuandika namba za kubuni ni vigumu kumbadilisha.

Umbali wa tatu ni wa watu, na mara nyingi hufunikwa na neno moja. Wasifu unasema alipanga ratiba ya wauguzi sita. Tangazo linasema ataongoza watu tisa wa zamu. "Kusimamia" ni neno lilelile katika karatasi zote mbili, na macho yanaridhika. Lakini wauguzi sita ni watu wa taaluma, wenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na mshahara wa mwezi. Wanajua wanachotakiwa kufanya hata kama yeye hayupo. Karibu nusu ya wale tisa wa ghalani ni vibarua wa kupakia, wanaolipwa kwa siku, na mmoja akipata kibarua kingine kesho hatokei. Kupanga zamu kwa watu wa aina ya kwanza kunafundisha haki na utaratibu. Hakufundishi namna ya kupakua lori saa kumi usiku ukiwa na upungufu wa watu watatu. Kwenye karatasi yako, mbele ya kazi hii ya nne, usiandike "anayo". Andika "karibu", na uandike pia kilichopungua.

Kuna mtego mwingine, na huu umo ndani ya mafanikio. Tuseme ameandika: "Nilipunguza upotevu wa chanjo katika kituo." Ni mstari mzuri, una kitendo na matokeo, na kwa mwajiri wa ghala unanukia faida. Lakini chanjo ya surua na rubela huja mara nyingi katika chupa ya dozi kumi, na ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa sita au kliniki inapofungwa, hata kama ametumia dozi tatu. Njia rahisi ya kupunguza upotevu ni kukataa kufungua chupa mpaka watoto wapatikane wengi. Namba inapendeza, na mama aliyetembea na mtoto mgongoni anarudi nyumbani bila chanjo. Njia nzuri ni kutenga siku za surua, kuzitangaza, na kuwafuatilia walioahidiwa.

Wasifu hauwezi kukuambia alipita njia ipi. Lazima umuulize, na jibu litakuambia mengi kuhusu ghala lako, kwa sababu msimamizi anaweza kupunguza hasara ya kuharibika kwa mtindi kwa kuagiza kidogo hadi wateja wanakosa. Kila mafanikio yanayopimwa kwa namba moja yana namba ya pili ya kuulizia.

Kisichokuwepo kiseme wazi

Kazi ya tano, ripoti ya fedha, haimo kabisa ndani ya wasifu. Chanjo za watoto kituoni haziuzwi. Hajawahi kueleza hasara kwa shilingi, hajawahi kubishana na msambazaji kuhusu bei ya mzigo uliopungua. Usijaribu kuikuta kazi hiyo kwa nguvu kwenye mstari wa MTUHA. Kujumlisha watoto na kujumlisha hasara ni hesabu ya aina moja kwenye kikokotoo, lakini maamuzi yanayofuata ni tofauti.

Kuna pengo jingine ambalo halijaandikwa hata kwenye maelezo ya kazi, nalo ni wizi. Hakuna anayeiba chupa ya Penta akaile na wanawe. Kuku mzima, samaki na maziwa ni chakula cha kila nyumba, vinauzika mtaani dakika hiyohiyo, na ghala lisilo na udhibiti huvuja kila siku kidogokidogo. Jokofu la chanjo humfundisha mtu kugundua upungufu unaotokana na joto, na makosa ya kuandika. Halimfundishi kushuku katoni "tupu" inayotoka na takataka, wala makubaliano ya dereva na mpakiaji. Anayetoka wodini na kukabidhiwa dawa za usingizi na za maumivu makali, zile zinazofungiwa kabatini na kuhesabiwa kila zamu inapobadilishana, atakuwa karibu zaidi na jambo hili. Kama wasifu wa muuguzi wetu hautaji kabati hilo, huo ni ushahidi usiokuwepo, na mpaka aulizwe ubaki hivyo.

Foklifti haina shida kubwa, kwani msimamizi halazimiki kuiendesha, ila lazima ajue inavyoua na apange njia za watu mbali na njia zake. Suala la usajili ni la namna nyingine. Kama nafasi inahitaji mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, hakuna kipaji kinachoziba pengo hilo. Hapo muulize meneja wako swali la kweli: je, nafasi hii inahitaji usajili huo, au uliingia kwenye tangazo kwa kunakili? Ukihitajika, mwombaji arudishiwe jibu mapema bila kupotezewa nauli.

Ushahidi wa ana kwa ana

Wasifu umefikisha mambo haya: kazi tatu zina ushahidi, moja iko karibu, moja haipo, na wizi ni swali. Hiyo inatosha kumwita, haitoshi kumwajiri. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyoongozwa na Paul Sackett mwaka 2022 yaliuweka usaili wenye maswali yaliyopangwa juu kabisa miongoni mwa njia za kubashiri utendaji. Kupangwa maana yake kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale, na majibu yanapewa alama kwa kigezo kilichoandikwa kabla. Hivyo swali la jokofu muulize pia aliyekaa ghalani miaka sita.

Swali lenyewe liwe la tukio. "Tuambie mara ya mwisho baridi ilipokatika mahali ulipokuwa msimamizi. Ulijuaje, na ulifanya nini saa ya kwanza?" Aliyebeba dhamana atakupa vitu vidogo bila kuombwa: kwamba jokofu lilikuwa la sola na betri ilikuwa imechoka, kwamba kipimajoto kilisoma 10 alipofika, nani alimpigia, zipi aliziweka kando zisitumike mpaka apate jibu, na fomu ipi aliijaza. Aliyeazima cheo atasema "tulihakikisha chanjo ziko salama".

Lakini jihadhari na hilo "tuli". Waswahili wengi wamelelewa wasijitangulize, na muuguzi hodari anaweza kusimulia kazi yake mwenyewe kana kwamba ilifanywa na kituo kizima. Usimkate alama kwa adabu yake. Muulize tu, kwa upole: "Hapo, dada, wewe binafsi ulifanya lipi?" Mwenye kazi atanyoosha maelezo papo hapo.

Baada ya maswali mpe jaribio la dakika ishirini. Tengeneza chati ya joto ya wiki moja ya chumba cha maziwa, asubuhi na jioni. Siku tatu mfululizo andika 4.0 kila mara, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule. Jumapili iache wazi. Jumatatu asubuhi weka 11, jioni 5, bila maelezo yoyote. Mwambie aieleze chati hiyo: ameona nini, bidhaa ipi angeizuia isitoke, na angempigia nani.

Mwombaji dhaifu atakokotoa wastani na kusema chumba kiko vizuri. Wa kati ataiona 11. Mtu aliyewahi kutunza chati na kukaguliwa ataanza na zile 4.0, kwa sababu anajua kwamba joto la kweli huchezacheza na kwamba namba zisizochezacheza mara nyingi ziliandikwa zote kwa pamoja. Kisha ataunganisha: kama siku hizo zilibuniwa na Jumapili haikupimwa, basi hatujui chumba kilianza kupata joto lini, na maziwa yote ya tangu kipimo cha mwisho cha kuaminika yazuiwe mpaka yakaguliwe. Akifika hapo amekuonyesha kazi ya kwanza na ya pili kwa macho yako, na cheo chake hakina tena la kuongeza.

Kwa upande wa wizi, mpe kisa: katoni mbili za samaki hazipo, mfumo unasema zipo, na zamu iliyopita imeshaondoka. Sikiliza kama anaanza na hati na hesabu au anaanza na kumshuku mtu. Na muulize bila kuzunguka kama zamu ya usiku anaiweza na kama mshahara wa nafasi hii anaujua. Wapo wanaobadili fani kwa kuchoka na zamu za usiku, na ni heri ijulikane leo.

Ukimtafuta mdhamini, usiridhike na mganga mfawidhi atakayesema ni mchapakazi na mwaminifu. Kwa ridhaa ya mwombaji, na hasa kama bado yuko kazini huko, ongea na mratibu wa chanjo wa wilaya aliyekuwa akimkagua. Swali moja linatosha: mlipofika bila taarifa, vitabu vyake mlivikuta katika hali gani?

Akiajiriwa, mapengo yaliyoandikwa kwenye karatasi ndiyo yawe mpango wa miezi ya majaribio. Mwezi wa kwanza akae na msimamizi anayeondoka, hasa usiku malori yanapofika, akijifunza watu na milango. Tangu wiki ya pili ahesabu bidhaa kumi kila siku, zilizochaguliwa na mhasibu bila kumwambia mapema. Ripoti ya mwezi wa kwanza na wa pili aiandae pamoja na mhasibu, ya mwezi wa tatu aiandike peke yake, kwa shilingi, ikiwa na sababu ya kila hasara. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili, angalia nani anayeona kwanza kwamba hesabu haikulingana. Ikiwa kila mara ni mhasibu, kazi ya tatu uliyoiwekea alama ya ushahidi haikuhama kama ulivyodhani, na mazungumzo naye yaanze hapo.